Benki imekata 17,000, programu inadai 21,500

Swali: Habari mtaalamu. Naishi Nyegezi, Mwanza. Jumamosi niliita gari kwa programu kwenda uwanja wa ndege. Bei ilionyesha 17,000, nikachagua kadi, na benki ikanitumia meseji kuwa 17,000 imetoka. Njiani nikamwomba dereva tupitie Kirumba mwaloni nichukue mzigo wa dagaa. Tulipofika, programu ikaandika malipo yameshindikana na nadaiwa 21,500. Tangu hapo haikubali niite gari wala niagize chakula. Kadi ilikuwa na 30,000, sasa naona 13,000. Nimebonyeza kulipa mara nyingi, inakataa. Nilipe tena? Na hiyo 17,000 iko wapi?

Jibu: Dada, kwa maelezo yako hiyo 17,000 kampuni haijaipokea, na dereva hajaiona. Iko benki kwako, kwenye akaunti yako mwenyewe, ila imefungwa. Na kufungwa kwake ndiko kunakofanya 21,500 ikataliwe kila unapobonyeza. Deni lenyewe ni la kweli, kwa sababu safari uliifanya na bado haijalipwa. Lakini usibonyeze tena kabla hujasoma mpaka chini.

Malipo ya kadi huwa na hatua mbili, na meseji ya benki huziweka zote kwenye kapu moja. Ulipoita gari, programu iliuliza benki yako kama kadi hii inaweza kulipa 17,000. Benki ikajibu ndiyo, ikatoa kibali, ikaitenga 17,000 pembeni ili usije ukaitumia dukani kabla safari haijaisha. Hapo ndipo ulipopata meseji. Hatua ya pili ni pale safari inapokwisha, bei kamili inapojulikana, na kampuni inapotuma maombi ya kuichukua pesa yenyewe. Mpaka hatua hiyo ikamilike, pesa imeshikiliwa tu. Mfumo wa meseji wa benki nyingi hauna lugha ya kutofautisha kushikiliwa na kuchukuliwa, kwa hiyo unakuandikia "imetoka" kwa vyote viwili. Ni uzembe wa uandishi tu, na unawaletea watu wa huduma kwa wateja simu nyingi zisizo na sababu.

Sasa tuifuate safari yako. Ulianza na 30,000, benki ikashikilia 17,000, ikabaki 13,000 unayoweza kuitumia. Kituo cha mwaloni kiliongeza dakika za kusubiri na kidogo cha njia, bei ikapanda hadi 21,500. Kibali cha 17,000 hakiwezi kulipia 21,500. Hapo kampuni hutofautiana. Kuna zinazoomba nyongeza ya 4,500 juu ya kibali cha mwanzo. Kuna zinazochukua ile 17,000 kisha zinakudai 4,500 iliyobaki. Na kuna zinazokiacha kibali cha kwanza na kuomba upya bei yote. Yako imefanya hili la tatu. Iliomba 21,500 kwenye kadi ambayo wakati huo ilikuwa na 13,000 tu ya kutumika, benki ikakataa, na bei yote ikaandikwa kuwa deni. Pesa ya kulipa safari ulikuwa nayo, na ya ziada. Iliyokosekana ni nafasi ya kushikilia 17,000 na kulipa 21,500 kwa wakati mmoja, ambayo ingehitaji 38,500.

Nimejuaje kuwa ni hilo la tatu? Kwa kiasi cha deni. Anayedaiwa tofauti peke yake, yaani 4,500, ajue kibali cha kwanza kimeshachukuliwa kweli, na akilipa hiyo tofauti mambo yamekwisha. Anayedaiwa bei yote, kama wewe, karibu kila mara ana pesa iliyoshikiliwa mahali na haijachukuliwa. Ipo hali moja zaidi, ni nadra, lakini lazima uiondoe kwanza kabla hujatoa hata shilingi: benki inaweza kuwa ilikubali 21,500 na kuikata, ila jibu likapotelea njiani kwa mtandao kukatika, programu ikabaki inaamini imekataliwa. Kwako hesabu ya salio inaikanusha, maana 30,000 ukitoa 13,000 unapata 17,000 kamili, hakuna alama ya 21,500 popote. Lakini umebonyeza mara nyingi tangu hapo, kwa hiyo angalia tena leo.

Usiangalie kwenye meseji. Fungua programu ya benki, au omba taarifa fupi ya akaunti, na utafute mistari ya Jumamosi. Malipo yaliyokamilika huwa yamo kwenye orodha ya kawaida ya miamala pamoja na tarehe ya kuingizwa. Yaliyoshikiliwa huwekwa peke yake, mara nyingi chini ya neno `Pending`, au hayaonekani kabisa kwenye taarifa ila unayahisi kwenye salio, kwa sababu benki inakuonyesha salio mbili: salio la akaunti na salio linalopatikana. Kwako la kwanza linapaswa kuwa bado 30,000 na la pili 13,000. Tofauti yake ndiyo 17,000 unayoitafuta.

Kama kadi yako ni ile ya kutengeneza kwenye simu kupitia pesa za mtandao, picha itakuwa tofauti kidogo. Nyingi za kadi hizo hukata kabisa wakati wa kibali na hurudisha kama muamala mpya wa kuingia kibali kikifutwa. Usishtuke kuona salio limepungua bila neno lolote la kusubiri. Na tafadhali usiifute kadi hiyo wala kutengeneza nyingine mpaka jambo hili limalizike. Pesa hurudi kwenye kadi ileile iliyotoka, na kadi iliyofutwa huigeuza kazi ya siku mbili kuwa ya wiki kadhaa, maana lazima mtu aikamate kwa mkono na kuielekeza kwenye laini yako.

Nije kwenye kulipa. Una njia mbili, na kuchagua ni suala la haraka yako.

Ukiwa na haraka, ongeza pesa kwenye kadi hiyohiyo mpaka salio linalopatikana lifike 21,500. Una 13,000, kwa hiyo unahitaji 8,500. Weka 10,000, kwa sababu baadhi ya benki hukata tozo ndogo kwa malipo ya mtandaoni na itakuwa ajabu ukataliwe tena kwa shilingi mia tatu. Pesa ikishaingia na umeiona kwenye salio, bonyeza kulipa deni mara moja tu, ukiwa mahali penye mtandao mzuri, na usubiri. Au kama programu inaruhusu, lipa deni kwa kadi nyingine au kwa pesa za simu. Deni likifutika utaweza kuita gari muda huohuo. Ile 17,000 itakufuata baadaye, huhitaji kuisubiri ndiyo uanze kuitumia programu.

Usipokuwa na haraka, acha kibali kifutike. Kikifutika utakuwa na 30,000 tena, utalipa 21,500, utabaki na 8,500. Kwa njia hii hutoi pesa mpya mfukoni, ila huna gari wala chakula cha programu mpaka siku hiyo.

Siku hiyo ni lini? Kampuni ikituma ujumbe wa kukifuta kibali, benki nyingi huiachia pesa ndani ya siku moja hadi chache. Kampuni ikinyamaza, kibali hufa chenyewe kwa muda ambao benki yako imeuweka, na hapo ndipo watu huteseka, kwa sababu wiki nzima ni kawaida na kuna benki zinazoacha zaidi ya hapo. Kwa hiyo usikae kimya ukisubiri. Iandikie kampuni leo, ndani ya programu kwenye safari husika, maneno machache yenye kila kitu:

"Safari ya Jumamosi, Nyegezi hadi uwanja wa ndege. Kibali cha 17,000 kilishikiliwa kwenye kadi inayoishia na tarakimu nne hizi. Malipo ya mwisho ya 21,500 yamekataliwa na safari inaonekana kama deni. Naomba mfute kibali cha 17,000 na mnitumie namba ya kibali hicho ili niipeleke benki."

Namba hiyo ya kibali huwa na herufi au tarakimu 6, na ndiyo mtu wa kitengo cha kadi anachohitaji ili akipate kibali chako katikati ya maelfu. Bila hiyo atakuuliza tarehe, saa na kiasi, na atakujibu kesho. Ukiwa nayo, benki nyingine zinaweza kukiachia kibali wenyewe baada ya kampuni kuthibitisha kwa maandishi kwamba haitakichukua. Uthibitisho huo ni muhimu. Benki haitakifungua kwa neno lako peke yako, kwa sababu kampuni ikija kukichukua kesho yake, benki ndiyo italipa.

Kampuni ikikujibu "tumeshakurudishia", usilifunge jambo hapo. Waulize: mmefuta kibali, au mmerudisha malipo? Ni vitu viwili. Malipo yaliyokwisha kuchukuliwa yakirudishwa hupewa namba ndefu ya ufuatiliaji yenye tarakimu 23, inaitwa ARN, na benki yako inaweza kuitafuta kwa namba hiyo. Kibali kilichofutwa hakina namba hiyo, maana pesa haikuondoka. Wapo watu wanaopigania ARN kwa wiki mbili ilhali haiwezi kuwepo. Vilevile usikae unasubiri meseji ya "umepokea 17,000". Kibali kikifutwa kwenye akaunti ya benki mara nyingi hakuna meseji yoyote. Salio linalopatikana linapanda tu, na mteja asiyeangalia haoni.

Sasa kuhusu kubonyeza mara nyingi. Kila ukibonyeza, ombi jipya la 21,500 linakwenda benki. Kwa kuwa salio lilikuwa 13,000, yote yamekataliwa na hayakushika kitu, hapo una bahati. Hatari ni ile siku unaweka pesa huku bado unabonyeza kwa hasira: ombi moja linakubaliwa, skrini inakwama, unabonyeza la pili, na kama salio linatosha, nalo linashikiliwa. Hatari nyingine ni benki yenyewe. Maombi mengi yanayofanana yaliyokataliwa kwa muda mfupi huonekana kama mwizi anayejaribu kadi, na mfumo wa ulinzi unaweza kuifunga kadi yako kwa malipo yote ya mtandaoni. Basi hata ukiweka laki moja, itakataa.

Ndiyo maana, kama ukiweka pesa ya kutosha na bado inakataa, acha kukisia. Piga simu benki, omba mtu wa kadi, mwambie akusomee namba ya sababu ya kukataliwa kwa jaribio la mwisho. Ni tarakimu mbili. 51 maana yake salio halitoshi, na hapo hesabu yako na ya benki hazilingani, mwambie akutajie salio linalopatikana. 57 maana yake kadi hairuhusiwi muamala wa aina hiyo, mara nyingi ni kitufe cha malipo ya mtandaoni au ya nje ya nchi kilichozimwa. Kampuni nyingi za programu hizi hupokea malipo kupitia ofisi zilizo nje ya Tanzania, kwa hiyo safari ya Nyegezi hadi uwanja wa ndege, kwa macho ya benki, inaweza kuwa manunuzi ya ng'ambo. 05 ni kukataa bila kusema kwa nini, na nyuma yake mara nyingi kuna ule ulinzi niliousema. Kila moja ina dawa yake, na dawa ya 51 haitibu 57.

Jambo jingine linalowachanganya wengi: kampuni hujaribu kukata deni yenyewe mara kadhaa siku zinazofuata, kisha huacha. Mitandao ya kadi ina kikomo cha majaribio hayo. Visa, kwa mfano, huruhusu marudio 15 ndani ya siku 30 kwa muamala uleule, na kampuni ikizidisha hutozwa. Kwa hiyo usitegemee kwamba mshahara ukiingia deni litajilipa usiku. Na majaribio hayo ya kimya yana kasoro: benki ikitaka uthibitishe kwa namba inayotumwa kwenye simu, hakuna wa kuiingiza, na malipo yanakufa. Ukilipa wewe mwenyewe ndani ya programu, namba inakuja, unaiingiza, yanapita. Hakikisha tu laini iliyosajiliwa benki ndiyo iliyo kwenye simu.

Hukusema kama dereva alikuomba taslimu mlipofika. Pale uwanja wa ndege ni jambo la kila siku: simu yake inaonyesha malipo hayajapita, anasema nipe mkononi, unampa, unakimbilia ndege. Kama ulimpa, usilipe deni hilo kabla ya kuieleza kampuni. Mfumo unajua safari hiyo ni ya kadi, na hauna namna ya kujua kuhusu noti zako mpaka wewe au dereva mseme. Andika saa na kiasi, na kama ulimtumia kwa simu, ambatisha meseji ya muamala. Uliyempa mkononi bila ushahidi utategemea dereva akiri, na wengi hukiri wakiulizwa na kampuni, kwa sababu akaunti yake ndiyo kazi yake.

Kuna mambo mawili ambayo majirani watakushauri na usiyafanye. La kwanza ni kufungua akaunti mpya kwa namba nyingine. Programu inaitambua simu na kadi, deni litakufuata, na safari hii unaweza kufungiwa kabisa badala ya kuzuiwa kwa muda. La pili ni kupinga muamala benki ili pesa irudi. Kupinga ni haki yako kwa pesa iliyochukuliwa isivyo halali, kwa mfano ungekatwa 21,500 mara mbili. Lakini kibali hakipingwi, maana hakuna kilichochukuliwa. Na ukipinga nauli ya safari uliyosafiri kweli, kampuni itapeleka ramani ya safari na risiti, utashindwa, na akaunti itafungwa.

Unapotafuta msaada, uingie ndani ya programu yenyewe. Usitafute namba ya huduma kwa wateja kwenye mitandao ya kijamii. Matapeli huweka namba zao humo wakisubiri watu wenye shida kama yako. Utamtambua kwa anachoomba: namba yote ya kadi, zile tarakimu tatu za nyuma, namba ya uthibitisho iliyokuja kwa meseji, au "lipa deni kwa namba hii" na jina la mtu binafsi likijitokeza. Kampuni ina haja ya tarakimu nne za mwisho tu.

Ikiwa benki inakiri 17,000 imeshikiliwa, kampuni imeandika kwamba haitaichukua, na bado wiki zinapita, toa malalamiko rasmi ya maandishi tawini kwako na uchukue nakala yenye muhuri. Usiporidhika na majibu, nakala hiyo ndiyo tiketi yako ya kwenda Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi hapo Mwanza. Watakuuliza kwanza benki yako ilikujibu nini, kwa hiyo usiende mikono mitupu.

Ukishalipa, toka kwenye programu na uingie tena kabla ya kujaribu kuita gari, kwa sababu alama ya deni huchelewa kusoma. Ikiwa deni linasoma sifuri na bado inakuzuia, hilo si la benki tena. Ni zuio la akaunti, waandikie kampuni walitoe, ukiambatisha risiti ya deni.

Na siku nyingine ukitaka kupitia mwaloni ukiwa njiani kwenda uwanja wa ndege, kiweke kituo hicho kabla ya kuita gari, ili kibali kishikilie bei yake tangu mwanzo. Ukikikumbuka njiani, angalia salio lililobaki baada ya kushikiliwa: kama halitoshi kulipa bei yote mpya bila kuhesabu ile iliyofungwa, badilisha malipo kuwa taslimu kabla dereva hajabonyeza kumaliza safari. Akishabonyeza, programu nyingi hazikuruhusu tena.